SOMO: Presha kuka imepoa, kifuniko kimegoma

Wakuu, kila wiki hapa Majengo naletewa presha kuka iliyochokonolewa kwa bisibisi. Leo naandika mara moja. Nazungumzia zile za kifuniko cha kuzungusha, chenye mpira, kizito cha filimbi na kipini cha usalama.

1. Ipua.

2. Mwagia maji ubavuni, usiyaelekeze kwenye valvu.

3. Inua kizito kidogo kwa mpini wa mwiko, uso ukiwa pembeni, usikilize. Mvuke ukitoka, subiri. Hewa ikivutwa kuingia, iache iingie mpaka ikome, kifuniko kitalegea chenyewe. Kusiposikika chochote, kuwa makini sana, kwa sababu huenda tundu limeziba na presha bado imo. Kande na maharage hubaki ya moto katikati hata ubavu ukiwa umepoa. Iweke kwenye beseni la maji, ubadilishe maji mpaka yasipate joto tena, kisha iache saa kadhaa. Ndipo utoe kizito na kupitisha waya mwembamba kwenye tundu.

Kuna mama wa Nkuhungu aliyeacha kande usiku kucha. Asubuhi kizito kilikuwa kimya na kipini kimesimama juu. Ganda la mahindi lilikuwa limeziba tundu. Waya ulipopita, hewa ikavutwa ndani, kifuniko kikalegea.

4. Kipini kisiposhuka baada ya hapo, kisukume kwa kijiti. Kimenata mchuzi tu. Kamwe usikisukume sufuria likiwa la moto.

5. Gandamiza kifuniko huku ukizungusha.

MASWALI

— Mkuu, mimi nairudisha kwenye gesi dakika mbili, inafunguka. Vibaya?

Tundu likiwa wazi, kuinua kizito kunatosha, moto wa nini? Likiwa limeziba, unatengeneza mvuke usio na pa kutokea. Usifanye.

— Nimegonga kwa nyundo, ukingo umepinda. Mpira mpya utasaidia?

Hapana. Nunua kifuniko kingine. Hatua ya 3 umeisoma?

— Samahani fundi, kwa nini kifuniko kivutwe ndani wakati hakuna kitu?

Swali zuri, ndugu yangu. Mvuke ulifukuza hewa wakati wa kupika. Ukipoa unageuka matone ya maji, ndani panabaki karibu patupu, na hewa ya nje inakandamiza kifuniko. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, lakini bado inakandamiza kwa karibu kilo 0.9 kila sentimita ya mraba. Hata nusu yake tu, kifuniko cha upana wa sentimita 22 kinabanwa kwa kama kilo 170. Mkono hauwezi, tundu dogo linaweza.

— Nizuie vipi ganda lisizibe?

Maharage na kande visipite nusu ya sufuria, maji yakiwemo. Povu ndilo hupandisha maganda. Tia kijiko cha mafuta, na kila ukiosha, tazama tundu kwenye mwanga.

— Na mpira unaonata?

Uvue, uoshe, uukaushe kivulini. Ukiwa mgumu au umepasuka, badilisha.