Namba ya dereva kwanza, nembo baadaye: sare na stika za kampuni ya bodaboda

Nasimamia pikipiki 12 za abiria na vifurushi hapa Mtwara mjini. Mwanzoni vizibao vyetu vya rangi ya chungwa vilikuwa na jina la kampuni tu. Siku moja mama wa Chikongola akapiga simu: dereva kamdai buku mbili zaidi ya walizopatana, tena kwa maneno makali. Nikamuuliza, dereva yupi? "Mwanangu, si wote mmevaa chungwa?" Nikakosa jibu.

Hatua ya 1: Tenga namba ya mtu na alama ya chombo. Madereva hubadilishana pikipiki, na deiwaka huingia mmoja akiugua. Kwa hiyo kizibao kina namba ya dereva, tuseme 07, na pikipiki ina herufi, tuseme C. Asubuhi anayetoa funguo anaandika daftarini: 07, C. Deiwaka ana kizibao chake. Kuazimana ni marufuku, maana hapo ndipo mfumo mzima unapovunjika.

Hatua ya 2: Weka namba inapoonekana. Wengi huchapa mgongoni pekee. Abiria akishapanda, mgongo umezibwa, na walio barabarani hawaoni kitu. Weka kifuani na pande zote mbili za helmeti pia. Namba ya kifuani iwe na kimo cha sentimita 10 hivi, kisha mwambie mtu asiyeijua aisome akiwa hatua 15. Mgongoni ongeza simu ya malalamiko, kwa maandishi madogo kati ya mabega: abiria ndiye anayekaa karibu nayo safari nzima.

Hatua ya 3: Jaribu kizibao kimoja kabla ya kuchapisha vyote. Kifunike nusu kwa gunia, kianike juani wiki mbili, kisha linganisha nusu hizo mbili. Jua la huku hupausha chungwa la bei rahisi haraka. Kifue mara tano; wino ukianza kupasuka, badilisha fundi. Usichape juu ya mikanda inayong'aa, kwani ndiyo inayokufanya uonekane kwenye taa za gari usiku.

Hatua ya 4: Stika, si rangi. Rangi ya pikipiki imeandikwa kwenye kadi yake, hivyo usiibadilishe kiholela. Bandika stika kwenye vifuniko vya pembeni. Kwenye tangi, petroli inayomwagika wakati wa kujaza huinua kingo za stika.

Hatua ya 5: Kizibao kikivaliwa, kanuni zimeanza. Zangu ni tatu: bei ipatanwe kabla ya kuwasha, abiria avae helmeti, hakuna mishikaki. Dereva husaini anapokabidhiwa kizibao.

Miezi kadhaa baadaye simu kama ile ililia tena kutoka Mikindani. "Namba 07," akasema yule kaka. Nikafungua daftari, nikampigia 07, akakiri. Jioni alirudi mwenyewe kwa mteja na chenji yake, akiwa amevaa kizibao kilekile.