Kabla Hujaomba Mkopo, Isome Ripoti Yako ya CRB

Nchini Kenya taarifa za mikopo hutunzwa na kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu, ziitwazo CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Ichukue mwezi mmoja au miwili kabla ya kwenda benki, kwa sababu kosa likipatikana halirekebishwi kwa siku moja. Usiichanganye na cheti cha CRB ambacho waajiri huitisha. Cheti hakikuonyeshi kila mkopo.

Kwanza hakiki jina na nambari ya kitambulisho, kisha ushuke kwenye historia ya malipo. Hapo kila mkopo una salio lake na siku ulizochelewa. Kuchelewa wiki moja huonekana, lakini mstari mzito ni siku 90: ukiuvuka, mkopo unahesabiwa kuwa haulipiki. Mkopeshaji anapaswa kukuarifu siku 30 kabla ya kupeleka taarifa hiyo mbaya, na deni lisilofika shilingi 1,000 halistahili kuorodheshwa.

Chukua mfano wa mwenye duka aliyekopa shilingi 20,000 za kulipwa tarehe 5 Machi, akamaliza tarehe 20 Juni. Amechelewa siku 107. Septemba ripoti yake bado inasema anadaiwa 20,000. Wengi hapa hudai rekodi yote ifutwe, na ndipo wanapokwama. Kuchelewa ni kweli, na kutabaki kwenye rekodi kwa miaka mitano tangu alipolipa. Kilicho uongo ni salio. Basi adai hilo tu: salio liwe sufuri na tarehe ya kumaliza iandikwe.

Malalamiko yaende kwa maandishi kwa kampuni iliyotoa ripoti, nakala kwa mkopeshaji. Taja nambari ya akaunti ya mkopo na mstari wenye kosa, ambatisha ujumbe wa M-Pesa au taarifa ya benki, na barua ya mkopeshaji ya kuthibitisha deni limeisha kama unayo. CRB haijui ulicholipa. Humwuliza mkopeshaji, naye ndiye hutuma marekebisho. Kwa hiyo anayebishana na CRB peke yake husubiri sana. Mkopeshaji akikataa au akinyamaza, peleka shauri Benki Kuu. Likirekebishwa, omba ripoti mpya, na uziangalie zile kampuni nyingine mbili pia, maana kosa hilohilo linaweza kuwa limesalia huko.

Maulizo yana sehemu yake: kila mkopeshaji aliyeitazama rekodi yako ameandikwa humo. Maombi mengi ndani ya wiki chache humfanya afisa wa mikopo ashuku kwamba umebanwa, ingawa wewe kuitazama ripoti yako hakukudhuru. Ukikuta jina la kampuni ambayo hukuwahi kuiomba chochote, ulizia upesi. Huenda kuna mtu anakopa kwa kitambulisho chako, na mkopo wenyewe bado haujafika kwenye ripoti.