Somo: Kuandika viungo na muhtasari mfupi kwenye noti za msemaji

Hamjambo wanachama. Somo hili linahusu pale ambapo mawasilisho mengi hukatika, yaani kati ya sehemu moja na nyingine. Msemaji anamaliza sehemu, anabonyeza, anaitazama slaidi mpya, kisha anasema, "Haya, sasa tunaingia kwenye... ukaushaji." Wasikilizaji waliielewa sehemu iliyopita na wataielewa inayokuja, ila hakuna aliyewaambia kwa nini hii inaifuata ile. Sentensi inayotaja sababu hiyo ndiyo tunayoiita kiungo, nayo inatakiwa iwe imeandikwa kwenye noti mapema, kwa maneno kamili.

Tutumie mfano mmoja. Afisa ugani wa Kongwa anaandaa mada ya nusu saa kwa wenyeviti na watendaji wa vijiji, kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, kwenye mahindi. Mada hii Dodoma si ngeni: mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sehemu zake ni tatu: sumukuvu inatoka wapi, kukausha, na kuhifadhi.

Hatua ya 1: Andika kila sehemu inathibitisha nini

Kabla ya kugusa noti, chukua karatasi na uandike sentensi moja kwa kila sehemu. "Kukausha" ni kichwa cha habari tu, hakisemi kitu. Afisa wetu aliandika hivi:

Moja, ukungu unaotoa sumukuvu huanzia shambani, hasa mahindi yakipigwa na ukame au kutobolewa na wadudu. Mbili, mahindi yakikauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, ukungu hauwezi kuendelea kukua. Tatu, mahindi makavu yanaweza kurudi kuwa na unyevu ghalani, kwa hiyo chombo cha kuhifadhia nacho kina kazi yake.

Sasa jaribu kuweka neno kati ya sentensi hizo. Kati ya ya kwanza na ya pili panakaa "kwa hiyo": tatizo linatoka shambani, kwa hiyo tulizuie kabla halijafika ghalani. Kati ya ya pili na ya tatu panakaa "lakini". Ukiona neno pekee linalokaa ni "pia" au "halafu", usihangaike kutafuta kiungo kizuri. Rudi kwenye mpangilio wa sehemu zako, kwa sababu hapo hazijashikana.

Hatua ya 2: Andika kiungo chenye pande mbili

Upande wa kwanza unataja tulichokipata. Upande wa pili unataja kilichobaki wazi, yaani swali ambalo sehemu inayofuata italijibu. Tazama alichoandika afisa mwanzoni:

"Baada ya kuona chanzo cha sumukuvu kama ilivyoelezwa hapo juu, sasa tuangalie ukaushaji."

Hiyo ni lugha ya ripoti. Anayesikiliza hana "hapo juu". Tena ukibadilisha "ukaushaji" ukaweka "bei ya mbolea", sentensi bado inasimama. Kiungo kinachoweza kuhamishiwa popote hakiungi kitu. Baada ya kukiandika upya:

"Kwa hiyo mahindi yanaweza kutoka shambani yakiwa na ukungu tayari, na kupika hakuiondoi sumu. Sasa mkulima aliyekwisha kuvuna afanye nini wiki hiyo hiyo ili ukungu usiendelee?"

Mwenyekiti aliyekaa nyuma kabisa, hata kama slaidi haioni, anajua anachosubiri kusikia.

Hatua ya 3: Kiweke kwenye slaidi unayoiacha

Hapa ndipo wengi hukosea. Kiungo huandikwa mwishoni mwa noti za slaidi ya mwisho ya sehemu inayoisha, wala si mwanzoni mwa noti za slaidi mpya. Ukibonyeza kwanza, watu wanaanza kusoma kilichopo ukutani, na kiungo chako kinapita bila kusikika. Sema kiungo, nyamaza kidogo, ndipo ubonyeze.

Maelezo mengine yaandike kwa maneno machache ya kukukumbusha, ila kiungo kiandike chote:

```
- ukame, wadudu -> ukungu
- kupika hakuondoi sumu

KIUNGO: Kwa hiyo mahindi yanaweza kutoka
shambani yakiwa na ukungu tayari, na kupika
hakuiondoi sumu. Sasa mkulima aliyekwisha
kuvuna afanye nini wiki hiyo hiyo ili
ukungu usiendelee?
[NYAMAZA, BONYEZA]
```

Hatua ya 4: Muhtasari mfupi uende unakohitajika

Usiweke muhtasari kila baada ya sehemu, watu watachoka kusikia jambo lile lile. Uweke baada ya sehemu nzito, baada ya chai, na kabla ya kuwaomba watu wafanye jambo. Sentensi mbili au tatu zinatosha.

Muhtasari hautaji mada, unataja matokeo. "Tumejifunza chanzo cha sumukuvu, ukaushaji na kipimo cha chumvi" ni orodha tu. Linganisha na hii, ambayo afisa aliiweka baada ya chai: "Kabla ya chai tulikubaliana mambo mawili. Ukungu huanzia shambani, na unasimama mahindi yakikauka vizuri kwenye turubai. Ukiyatikisa na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na chumvi ikaganda kwenye kuta za chupa, bado hayajakauka." Aliyechelewa kurudi anaweza kuendelea kutoka hapo.

Hatua ya 5: Soma viungo peke yake

Ruka maelezo yote, usome kwa sauti viungo na muhtasari tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hoja yako inapaswa kusikika nzima. Mahali utakapokwama, ndipo wasikilizaji watakapokwama. Ukihamisha au kuficha slaidi, rudia zoezi hili, maana kiungo hubaki kwenye slaidi yake ya zamani kikielekeza kwa jirani asiyekuwepo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Mpwapwa. Mgeni rasmi akichelewa, nusu saa yangu inakuwa dakika kumi. Viungo nifanyeje?*

Marahaba. Amua mapema ni sehemu ipi itaachwa, kisha chini ya kiungo cha kawaida andika cha akiba. Tuseme afisa wetu ataacha kukausha. Mwisho wa sehemu ya kwanza anaongeza: "RUKA: Ukungu huanzia shambani na husimama mahindi yakikauka vizuri, namna ya kukausha nitawaonyesha nje kwenye turubai. Lakini yakishakauka, yanakaa wapi bila kupata unyevu tena?" Umeona, matokeo ya sehemu iliyorukwa yameingia kwenye kiungo. Bila hayo, sehemu ya tatu ingening'inia.

*Tunawasilisha wawili, mimi na dada mmoja wa lishe. Nani aseme kiungo?*

Anayemaliza ndiye aseme, na amalizie kwa swali ambalo mwenzake atalijibu. Anayepokea aanze na jibu moja kwa moja, asirudie salamu ndefu. Kiungo hicho kiandikwe kwenye noti za wote wawili kwa maneno yale yale.

*Vijiji vyangu Chemba nahitaji mkalimani. Viungo vyangu vinapotea.*

Mpe mkalimani viungo vyote kwenye karatasi siku moja kabla, mpitie pamoja. Maelezo ya kati atayafasiri akiyasikia, ila kiungo kikikatwa nusu, swali linabaki kwenye Kiswahili na jibu linatoka kwa lugha nyingine. Gawa kiungo katika sentensi fupi mbili, na umsubiri amalize ya pili ndipo ubonyeze.

*Umeme ukikatika, noti zikabaki kwenye kompyuta?*

Chapisha. Kwenye PowerPoint nenda `File > Print`, chagua `Notes Pages`, halafu pigia mstari viungo kwa kalamu nyekundu. Ikibidi uongee bila slaidi, karatasi hizo zitakuvusha kutoka sehemu moja hadi nyingine.