Anza na Epikteto, na usianzie sura ya kwanza

Anayetafuta falsafa ya kumsaidia katika wasiwasi na maamuzi magumu aanze na Mwongozo wa Epikteto, mwanafalsafa wa kale, kitabu chembamba chenye sura 53 ambacho mwanafunzi wake Ariano alikikusanya kutokana na mafunzo ya mwalimu huyo aliyewahi kuwa mtumwa. Mwenye uamuzi mbele yake aende moja kwa moja sura ya 29, inayomtaka anayetamani ushindi wa Olimpia apime kwanza yanayotangulia na yanayofuata: kula kwa masharti, kufanya mazoezi kwenye joto na baridi, pengine kuteguka kifundo cha mguu, kumeza vumbi, na baada ya yote hayo kushindwa. Anayefikiria kuacha ajira ili afungue duka anaweza kuandika orodha ya namna hiyo, akianza na kodi ya pango katika miezi isiyo na wateja, ndipo aamue. Sura ya 3, inayomtaka mzazi ajikumbushe kwamba mtoto anayembusu ni wa kufa, kwa maoni yangu humzidishia hofu mtu ambaye tayari anaogopa kufiwa. Huyo aiache kwanza, asome barua ya 13 ya mwanafalsafa Mrumi Seneka kwa rafiki yake Lusilio, inayohoji iwapo tishio lina dalili za hakika au ni dhana tu.