Kabla ya kuandika "mizani 16", ipigie kofi herufi m

Wengi hukosa mizani, yaani hesabu ya silabi za mshororo, kwa sababu ya m. Chukua mshororo huu nilioutunga: *Mpunga tumeupanda, mvua bado hainyeshi.* Ukwapi ni m-pu-nga tu-me-u-pa-nda, mizani 8. Utao ni mvu-a ba-do ha-i-nye-shi, nane tena. Ukisoma m-vu-a utapata 9, kisha utamlaumu mshairi bure.

M ya ngeli za M-WA na M-MI ikifuatwa na konsonanti husimama peke yake: m-vu-vi, m-pu-nga. Katika N-N, mb na mv hutamkwa kwa pamoja: mbu-zi, mvu-a. Yaangalie tu maneno mafupi kama m-bwa na n-chi; humo nazali hubeba mkazo, hivyo ni mizani kamili. Ukisita, tamka polepole huku ukipiga makofi.

Kina nacho ni silabi nzima. Hapo juu kina cha kati ni -nda. Mshororo wa pili ukiwa na "shida" mahali hapo, vina havilingani, maana -da si -nda. "Kiwanda" kingefaa. Sikio huweza kukudanganya hapa, kwa hiyo pigia mstari silabi yenyewe.