Kabla hujaandika uhakiki wa filamu kwa Kifaransa

Filamu itazame mara mbili. Ya kwanza kwa raha, ya pili na daftari. Majina ya waigizaji yanakili kwenye orodha ya mwisho wa filamu, usiyaandike kwa kusikia.

Nitatumia Les Choristes ya mwaka 2004, maana haina mambo ya kumtia mwalimu aibu na Kifaransa chake hakikimbii sana.

Msuko (l'intrigue) usimulie kwa wakati uliopo. Hapa ndipo wengi wetu wa Dar tunapoharibu, kwa sababu tumekulia vibanda umiza. Mle hadithi hutembea kwa -ka-: akaja, akamkuta, akamtandika. Kifaransa hakina -ka-, na ukiukimbilia wakati uliopita utajikuta unachanganya passé composé na imparfait kila sentensi. Wafaransa wenyewe wakieleza filamu husema inavyotokea sasa: « L'histoire se déroule en 1949. Clément Mathieu, professeur de musique au chômage, devient surveillant dans un internat. Il découvre des garçons difficiles et décide de former une chorale. » Surveillant mfikirie kama patroni wa bweni. Sentensi tatu au nne zinatosha, halafu malizia kwa swali ili mwisho (le dénouement) usiutoe bure: « Le directeur le laissera-t-il continuer ? »

Na hilo neno directeur lina kesi yake.

Nikiwa kidato cha tatu nilibandika uhakiki wa filamu hiihii kwenye gazeti la ukutani la klabu ya Kifaransa. Nyota nne juu, rangi nyekundu. Nilitaka kumsifu mwongozaji, kisha waigizaji, nikaandika: « Le directeur est très bon. Le jeu des acteurs n'est pas terrible. » Siku ya wazazi akaja mzee mmoja Mkongo, muuza vitenge wa Kariakoo, mjukuu wake anasoma kwetu. Akavaa miwani, akasoma hadi chini, akarudi juu kwenye nyota.

“Mwanangu, hii filamu umeipenda au umeichukia?”

“Nimeipenda sana, babu.”

“Mbona basi umemsifu yule katili na waigizaji umewatukana?”

Nilidhani ananitania. Kumbe directeur nililibeba kutoka Kiingereza. Mwongozaji wa filamu kwa Kifaransa ni réalisateur, hapa Christophe Barratier. Directeur ni mkuu wa shule, na kwenye filamu hii mkuu wa shule ni Rachin, anayewachapa watoto na kuwafungia. Huyo ndiye niliyemwita mwema mbele ya wazazi wote.

La pili lilikuwa baya zaidi, maana kamusi ilikuwa upande wangu. Terrible ni ya kutisha, mbaya. Basi pas terrible si mbaya. Hesabu imekubali. Ila mitaani Wafaransa huita kitu kizuri mno terrible, kama sisi tunavyosema “hatari”. Ukikanusha, unasema kitu chenyewe si lolote, hakina mvuto. Sifa niliyoitaka ni « pas mal », nayo ni sifa ya kiasi tu. Mzee akaniomba kalamu, akakata mstari na kuandika pembeni: « Gérard Jugnot joue juste. » Jugnot ndiye Mathieu, na jouer juste ni kuigiza mpaka mtazamaji asahau kwamba ni maigizo. Kinyume chake ni « il surjoue »: anazidisha, kama wale wanaolia dakika kumi bila chozi.

Kwa hiyo maneno ya sifa na lawama yachukue yakiwa sentensi nzima kutoka kwa mtu anayekiongea, usiyajumlishe mwenyewe.

Maoni yako yaanze na « Je trouve que » au « À mon avis », na yafuatwe na sababu: « Ce qui m'a plu, c'est la musique. » « Je ne pense pas que » iache kwanza, inadai subjonctif, nawe bado unahangaika na il na elle. Usicheke, kwetu wote ni “yeye”, na mama yake Morhange, mmoja wa wavulana wa kwaya ile, nimeshamwona akiitwa il ukurasa mzima. Halafu kivumishi hufuata jinsia ya neno: le film est émouvant, l'histoire est émouvante.

Ukichoshwa na filamu, andika « je me suis ennuyé », na msichana aongeze e. « Je suis ennuyeux » maana yake wewe ndiye unayechosha watu. La critique ni uhakiki, le critique ni mhakiki. Alama juu ya herufi usiziruke, hasa kwenye majina ya watu. Na kabla hujabandika, mpe mtu asiyeiona filamu asome, akuambie kama umeipenda.