Kabla hujafunua safu ya kulia: kujizoeza tafsiri kwa matini sambamba

Hapa Tanga tuko wanne tunaojifunza tafsiri, na Jumamosi asubuhi tunakutana kwa mwenzetu mmoja Chumbageni. Kila mmoja huja na karatasi yenye safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na safu ya kulia imefunikwa. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukifunua na kujisahihisha kana kwamba tafsiri rasmi ni majibu ya mtihani. Tulipoteza muda mwingi kwa njia hiyo, na ndiyo sababu ya kuandika haya kwa wanaotaka kuanza.

Kwanza ujue ni matini ipi iliyoandikwa mwanzo. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa na Umoja wa Mataifa jijini Paris tarehe 10 Desemba 1948, na Kiswahili chake ni tafsiri. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ni kinyume chake: Kiswahili ndicho chanzi, Kiingereza kimefuata. Ukifasiri Azimio unalinganisha uamuzi wako na wa mfasiri mwenzako. Ukifasiri Kiingereza cha Katiba unairudisha matini nyumbani kwao, na ukifunua unaona mwandishi wa sheria anavyojenga sentensi pale ambapo hakuna Kiingereza kinachomkaba. Mazoezi yote mawili yanafaa, lakini yaandikie madaftari tofauti, kwa kuwa yanapima vitu viwili tofauti.

Hakikisha pia kwamba nakala zako mbili ni za toleo moja. Katiba imerekebishwa mara nyingi. Kiswahili kikiwa cha toleo jipya na Kiingereza cha zamani, utajihesabia makosa ambayo si yako.

Kiasi cha maneno 250 hivi kwa kikao kinatosha. Fasiri ukiwa na kamusi, kisha uiache kazi mpaka kesho yake. Siku ya pili ipitie na kuirekebisha kabla hujafunua chochote, ukitumia kalamu ya rangi nyingine. Kosa ulilolikamata mwenyewe siku ya pili lilitokana na haraka. Ulilolipita mara mbili bila kuliona ndilo linaloonyesha usichokijua bado, na hilo ndilo la kufuatilia.

Sasa tuchukue Ibara ya 1 ya Azimio. Mwenzetu mmoja aliandika hivi: “Binadamu wote wanazaliwa huru na sawa katika hadhi na haki. Wamejaliwa akili na dhamiri na wanapaswa kutendeana katika roho ya undugu.” Alipofunua alikuta: “Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu.”

Karibu kila kitu kimetofautiana, lakini si kila tofauti ni kosa. “Binadamu” badala ya “watu” ni chaguo tu. Tena Katiba yetu, ibara ya 12, inasema “Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa.” Neno “hivyo” halimo katika Kiingereza, ambacho kinaunganisha kwa “na” tu. Mfasiri wa Azimio ameamua kuonyesha kwamba wajibu unatokana na akili na dhamiri. Aliyebaki na “na” hakukosea hata kidogo, pengine amekaa karibu zaidi na chanzi.

Kwenye kitenzi cha kuzaliwa ndipo tulipokaa muda mrefu. Azimio lina “wamezaliwa”, Katiba ina “huzaliwa”, mwenzetu ana “wanazaliwa”. Kiambishi “hu-” kinasema ndivyo ilivyo siku zote, na “-me-” kinasema hali hiyo tayari wanayo. Huo “-na-” katika matini ya sheria unaleta picha ya jambo linaloendelea sasa hivi. Inaeleweka, lakini imelegea, kwa hiyo tukampa alama moja ya kosa. “Sawa katika hadhi na haki” inafuata mpangilio wa Kiingereza neno kwa neno, nayo tukaipa moja. “Katika roho ya undugu” tukaipa mbili. Kwetu roho hukaa ndani ya mtu, iwe nzuri au mbaya, na msomaji lazima asimame kidogo kujiuliza ni roho gani hiyo. “Kindugu” inabeba maana yote kwa neno moja.

Jumla ni alama nne za kosa. Zinaonekana chache, ila Kiingereza cha ibara hiyo kina maneno 30 tu. Mwendo huo ukiendelea hadi maneno 250 zinakuwa 33. Chama cha Wafasiri cha Marekani, katika mtihani wake wa ithibati, hutoa kifungu cha maneno kati ya 225 na 275, kila kosa hupewa alama 1, 2, 4, 8 au 16 kulingana na uzito wake, na anayefikisha 18 ameshindwa. Tumeazima kipimo hicho kwa sababu kinatenganisha kosa dogo na kosa zito. Kazi isiyo na kosa hata moja kubwa inaweza kuanguka kwa wingi wa makosa madogo, kama tulivyoona.

Upo pia upande wa pili. Niliwahi kufasiri tangazo la kliniki kwa mazoezi. Kiingereza kilisema milango inafunguliwa saa nane kwa hesabu yao, nami nikaandika “saa 8 asubuhi”. Sarufi ilikuwa safi, mtiririko safi. Lakini kwetu hiyo ni saa 2 asubuhi, na mgonjwa angeweza kufika saa 8 mchana. Hilo ni kosa la alama 16 peke yake. Tangu hapo, kabla ya kufunua, napita mara moja zaidi nikitafuta saa, tarehe, tarakimu na ukanushi pekee.

Kwenye daftari andika tarehe, aina ya matini, dakika ulizotumia, alama za kosa kwa maneno 250, na aina ya kila kosa: maana, istilahi, sarufi au mtindo. Usihukumu kwa kifungu kimoja, kwa kuwa vifungu havilingani ugumu. Angalia wastani wa vinne vya aina moja. Ukishakuwa chini ya 18 katika sheria, usidhani upo hapo katika afya. Anza safu nyingine.

Tenga vifungu vya kupimia tangu siku ya kwanza. Azimio lina ibara 30. Sisi kumi za mwisho hatuzigusi mpaka siku ya kipimo. Matini uliyokwisha kuisoma haikupimi tena, kwa sababu utaandika unachokumbuka, na alama zitashuka bila wewe kupanda.

Mwisho, tafuta mtu wa pili. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinamtaka mfasiri aikague kazi yake mwenyewe, kisha mtu mwingine ailinganishe na chanzi. Sisi tunabadilishana karatasi, na anayesahihisha anaandika alama kabla mwenye kazi hajajieleza. Wiki za mwanzo alama nilizojipa zilikuwa karibu nusu ya nilizopewa na mwenzangu. Sasa ninaandika zote mbili, sambamba, na pengo lililo kati yao ndilo ninalolitazama kwanza kila Jumamosi.